Maswali yenu kuhusu kuungua: maji kwanza, krimu baadaye

Mwanangu wa miaka mitatu alijimwagia uji wa moto mkononi jana. Nilimpaka dawa ya meno akatulia. Leo nimpake tena? (Mama, Temeke)

Usimpake tena, na umpeleke kituo cha afya leo hii. Mtoto mdogo aliyeungua mkono ni wa kuonwa na mganga hata kama kidonda kinaonekana kidogo, kwa sababu ngozi ya vidole ikipona vibaya hujikunja na vidole havinyooki tena.

Alitulia kwa sababu ya ile mentoli, ambayo huidanganya mishipa ya fahamu ihisi ubaridi. Joto lenyewe halikuondoka. Sasa ile dawa imekauka juu ya kidonda, na muuguzi atalazimika kuitoa kwanza ndipo aone jeraha limefika kina gani. Hapo mtoto atalia upya, kwa maumivu ambayo hayakuwa ya lazima.

Uji ni mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu unanata na kuendelea kuunguza. Kilichotakiwa ni kumvua shati na bangili papo hapo, mkono haujaanza kuvimba, kisha kuuweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Uji unaondoka na maji, na ngozi ya ndani inapoa. Nguo iliyogandia kwenye ngozi haivutwi, inakatwa kuizunguka. Baada ya hapo unafunika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi au nailoni safi ya kufungia chakula, unampa parasetamoli ya kipimo cha umri wake, mnaondoka. Wakati wote huo mwili uliobaki uwe umefunikwa khanga au blanketi, maana mtoto mdogo hupoteza joto haraka.

Kwetu hakuna bomba. Nifanyeje? (Msomaji, Kilifi)

Ndoo na kopo vinatosha. Mimina polepole, kama lita moja kwa dakika, na ndoo ya lita 20 itakufikisha mwisho. Maji yawe safi, ya kawaida tu ya kwenye mtungi au ndoo. Mkichelewa, bado mwagieni: maji husaidia hata saa tatu baada ya kuungua.

Barafu je?

Hapana. Inabana mishipa ya damu na kuua ngozi iliyokuwa ipone.

Bibi yangu hutumia samli, na jirani mafuta ya kula. Wote wanasema kidonda hakikauki. Kuna ubaya gani? (Kijana, Tanga)

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara kuna mtu ameshapaka kabla ya kuuliza. Ulizeni kwanza! Samli, siagi na mafuta hutanda juu ya ngozi ambayo bado ina moto ndani, yakazuia joto kutoka na maji kuifikia. Tena samli ya kwenye kopo la jikoni, iliyochotwa kwa vijiko vya kila mtu, inaingiza vijidudu kwenye ngozi iliyokwisha kupoteza kinga yake. Kama mtu amerukiwa na mafuta ya mandazi, kumwongezea mafuta mengine ni kumzidishia. Unga, yai na majivu ni kundi lilelile.

Famasi wameniuzia krimu ya silva salfadiazini. Niiweke nyumbani kwa dharura? (Baba, Nakuru)

Hiyo si dawa ya huduma ya kwanza. Kazi yake ni kuzuia maambukizi kwenye majeraha yenye kina, baada ya mganga kuyapima na kuyasafisha. Hupakwa kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku, na kila mara krimu ya zamani inaoshwa kwanza. Kwa ngozi iliyobabuka juu juu tu haifai, inachelewesha kupona. Ukiipaka kabla ya kwenda hospitali, inaacha utando wa kijivu unaofanana na ngozi iliyokufa, na daktari anashindwa kupima kina.

Mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse. Haipewi mtoto wa chini ya miezi miwili wala mjamzito anayekaribia kujifungua, na usoni haipakwi ovyo kwa sababu fedha iliyomo inaweza kuacha madoa. Nawasihi wauza dawa wamuulize mteja mambo haya kabla ya kumpa tyubu.

Malengelenge nitumbue?

Usitumbue. Yafunike, uulize pia kama chanjo yako ya pepopunda bado iko hai. Na kama kilichokuunguza ni umeme, au moto umekugusa uso, sehemu za siri au kiungo kinachokunjika kama goti, au jeraha linazidi kiganja chako kimoja pamoja na vidole, nenda hospitali mara tu dakika 20 za maji zikiisha. Aliyevuta moshi akaanza kukoroma au sauti ikakauka asisubiri hata hizo dakika 20.