Umezima, sasisho likawasha: maswali yenu kuhusu faragha ya simu

Niliinyima programu ya hali ya hewa ruhusa ya kujua nilipo. Simu imesasishwa juzi, na sasa inajua. Imewezekanaje?

Mara nyingi ruhusa hutolewa na mwenye simu mwenyewe bila kujijua. Simu inapowaka baada ya kusasishwa huleta kurasa kadhaa za kukubali masharti, ambazo kitufe chake cha kukubali ni kikubwa na kina rangi, huku cha kukataa kikiwa maandishi hafifu pembeni, na mwenye haraka hubonyeza kile kinachoonekana. Wakati mwingine toleo jipya huleta kipengele ambacho hakikuwepo, nacho huja kimewashwa kwa kuwa hukuwahi kuulizwa. Yapo pia makosa ya watengenezaji wenyewe: mwezi Februari 2022 Apple ilikiri kwamba hitilafu katika iOS 15, mfumo wa aifoni, iliwasha, kwenye sehemu ndogo ya vifaa, mpangilio wa Improve Siri & Dictation, unaoruhusu kampuni kuhifadhi na kusikiliza sauti za watumiaji wanapozungumza na Siri.

Kila nikisasisha aifoni yangu, Bluetooth inawaka tena ingawa nilishaizima. Ni hitilafu?

Inategemea uliizimia wapi. Tangu iOS 11, kitufe cha Bluetooth kilichomo katika Control Center hukata tu mawasiliano na vifaa vingi kwa muda, kisha hujirudisha ifikapo saa kumi na moja alfajiri au simu inapozimwa na kuwashwa, na kila sasisho la mfumo huzima simu na kuiwasha. Ingia Settings, kisha Bluetooth, uizimie humo. Hata hivyo, itazame tena baada ya kila sasisho.

Natumia Android. Siwezi kupitia kila ukurasa wa mipangilio. Nianzie wapi?

Anzia kwenye Privacy dashboard, iliyoletwa na Android 12 na inayopatikana ndani ya Settings, chini ya Privacy au Security & privacy kutegemea aina ya simu. Ukurasa huu hauonyeshi tu ulichoruhusu, bali unaonyesha ni programu ipi iliyotumia mahali ulipo, kamera au maikrofoni katika saa 24 zilizopita, na kwa saa gani.

Jirani yangu aliniletea simu iliyokuwa ikimaliza chaji kabla ya adhuhuri tangu isasishwe. Tulipogusa Location katika ukurasa huo, tuliona programu ya hali ya hewa ikisoma mahali alipo usiku kucha, mara kwa mara, wakati simu ikiwa mezani na yeye amelala. Tuliigusa programu hiyo, tukakuta imechaguliwa Allow all the time. Tulibadilisha ikawa Allow only while using the app, kisha tukazima Use precise location, kwa sababu utabiri wa mvua unahitaji kujua mji ulipo na hauhitaji kujua nyumba yako. Kesho yake ukurasa uleule ulionyesha programu ile mara mbili tu, asubuhi na jioni, alipoifungua mwenyewe.

Ukimaliza hapo, fungua Permission manager ukague Location, Microphone na Camera, ukitazama kwanza kundi la programu zilizoruhusiwa wakati wote. Halafu rudi Settings, uingie Location, sehemu ya Location services, ambako wengi hawafiki: huko kuna Wi-Fi scanning na Bluetooth scanning, zinazoiwezesha simu kutafuta mitandao na vifaa vya jirani ili ijue ilipo hata kama Wi-Fi na Bluetooth umezizima.

Usishtuke ukikuta programu iliyonyang'anywa ruhusa ulizoipa. Kuanzia Android 11, mfumo wenyewe huweza kuziondoa ruhusa za programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa.

Naweza kujuaje kama machapisho yangu ya Facebook yamebadilishwa kuwa ya watu wote?

Tazama alama iliyo kando ya tarehe ya kila chapisho: dunia ni watu wote, watu wawili ni marafiki. Jambo hili limewahi kutokea kweli. Kati ya tarehe 18 na 27 Mei 2018, hitilafu iliwabadilishia watumiaji wapatao milioni 14 pendekezo la nani ataona chapisho jipya likawa Public, bila wao kuchagua. Kwa machapisho ya zamani, Limit Past Posts huyarudisha kwa marafiki yote kwa pamoja.

Basi niache kusasisha?

Hapana, kwa sababu sasisho hilohilo ndilo linaloziba mianya ya usalama ambayo wezi wameshaifahamu. Kabla ya kubonyeza Install, piga picha ya skrini ya makundi matatu ya Permission manager niliyoyataja, na baada ya simu kuwaka uyalinganishe na picha hizo jioni ileile. Rudi kwenye Privacy dashboard siku inayofuata, kwa kuwa programu ambayo haijapata nafasi ya kufanya kazi tangu simu isasishwe haitaonekana humo siku ya kwanza.