Mota ya mashine ya kusaga kwenye joto la 50

"Chumba cha mashine kinafika nyuzi 50 mchana. Mota ya kilowati 15, insulesheni daraja F, niipakie zote?"

Hapana, ishushe hadi karibu kilowati 14. Kilowati za kwenye kibao zimepimwa kwa hewa ya nyuzi 40. Kwa 50, majedwali ya watengenezaji wengi huruhusu kama asilimia 93 ya hizo. Ila kama kibao kinasema daraja F na ongezeko la joto la daraja B, lililo dogo zaidi, una akiba ya kutosha, iache.

— Si F inavumilia 155? 50 ni nini hapo?

155 ni ya waya ndani, kaka. Hewa 40, ongezeko la joto la waya 105, na 10 za sehemu yenye moto zaidi: zimeisha. Kwa hewa ya 50 umepita kwa 10, na umri wa insulesheni unapungua karibu nusu.

— Yangu iliungua na ovalodi haikukata.

Ovalodi inaangalia ampea tu. Unga ukiziba kava la feni na mapezi, ampea hazibadiliki huku waya unachemka. Hilo halina asilimia ya kupunguza, safisha.