Ukisema "Paukwa" kwenye filamu, mwachie mtu nafasi ya kujibu

Tangu tulivyoonyesha filamu yetu fupi pale Tanga mwezi uliopita, uwanja mzima ukaitikia "Pakawa!" mpaka wauza kahawa wakageuka, meseji zimekuwa nyingi. Iliyonigusa ni ya dada mmoja wa Mombasa, anasema kaweka bibi msimuliaji mwanzoni na mwishoni mwa filamu yake, kapiga picha nzuri kabisa, lakini watu wakiangalia wanasubiri bibi amalize ndo filamu ianze. Dada, nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana nyote mnaoniandikia mnataka hichohicho.

Sisi tulichukua ile hadithi ya zimwi na msichana aliyefungiwa ndani ya ngoma, ambayo watoto wengi wa Pwani wamelala nayo. Msichana kaenda na wenzake kuokota kombe baharini, kasahau kombe lake juu ya jiwe, anarudi peke yake, zimwi linamkamata linamtia kwenye ngoma na kuzunguka naye vijijini, likipiga ngoma yeye anaimba, watu wanashangaa ngoma gani hii yenye sauti tamu hivi. Niliichagua kwa sababu ya ule wimbo. Hadithi yenye wimbo tayari ina mahali pa wasikilizaji, wao ndo wenye kiitikio, na ukikosa kiitikio utabaki na bibi anayeongea peke yake kama mtangazaji.

Kabla hatujaanza kupiga picha kuna bwana mmoja mwenye mamlaka ya kuamua nini kirushwe hewani akaniambia toa watoto wote, toa itikio, bakisha bibi sekunde kumi na tano za mwanzo, watu watabadilisha chaneli. Nilikataa. Kukataa kule kulitugharimu hela tuliyokuwa tunaitegemea na mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa anaangalia simu wakati namsimulia roho inaniuma, lakini ningekubali nisingekuwa na lolote la kuwaandikia leo.

Sasa ufunguzi. Tumeanza na skrini nyeusi, unasikia sauti tu. Bibi anaita "Paukwa!" na watoto wa ndani ya filamu wanajibu palepale, "Pakawa!", lakini kinyonge. Bibi haridhiki. Anasema sijasikia, na hapo ndo picha inafunguka, uso wake umejaa skrini, anaita tena. Mara hii ya pili tumeacha kimya cha kama sekunde moja na nusu kabla watoto hawajajibu. Kila kitu kipo kwenye hicho kimya. Ule wito wa kwanza unamfundisha mtu asiyejua, mfano aliyekulia bara au ughaibuni, neno la kujibu ni lipi, halafu wa pili unampa nafasi alitumie. Ukiwaacha watoto wajibu haraka mara zote mbili ukumbi unabaki kutazama watu wengine wakicheza, na ukirefusha kimya kikafika sekunde tatu, anayeangalia peke yake kwenye simu anadhani imeganda. Baada ya hapo ndo anaingia na "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", na watu wazima wote walikuwa wanamalizia wenyewe bila kuombwa.

Halafu macho. Bibi anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi pale anapoita tu. Akishaanza kusimulia macho yanarudi kwa watoto, kushoto na kulia kwa kamera. Akikukodolea hadithi nzima utahisi unahutubiwa, lakini akikuangalia wakati wa wito tu unajua sasa zamu ni yangu.

Kurudi kwa bibi katikati ndiko wengi wanakobomokea, na dada nadhani ndo tatizo lako. Usimrudishe bibi kwa sababu dakika zimepita au kwa sababu unahitaji kuunganisha sini mbili zisizoungana. Mrudishe pale msikilizaji anapomlazimisha. Kwetu sisi msichana anaingizwa kwenye ngoma, kimya, na ghafla sauti ya mtoto wa kiume inauliza "Kwani hakulia?" Tunarudi kwenye mkeka, bibi anamtazama, anasema "Alilia. Alilia mpaka ngozi ya ngoma ikalowa." Tukirudi ndani ya hadithi ngozi imelowa, na zimwi linapopiga ngoma inatoa mlio mzito, linaona bora liisogeze kwenye moto ikauke, msichana ndani anaanza kuunguzwa na joto, ndo anaimba kwa nguvu zaidi. Umeona? Swali la mtoto limebadilisha kinachotokea. Wasikilizaji wasipoweza kubadilisha kitu wanakuwa mapambo, na mapambo mtazamaji anayaruka.

Philippe Lacôte wa Ivory Coast kwenye "La Nuit des rois" ya mwaka 2020 kaifikisha mbali zaidi hii, msimuliaji ni mfungwa gerezani Abidjan, wafungwa wenzake wanaimba na kuigiza anachosema palepale mbele yake, na yeye anajua hadithi ikiisha na maisha yake yako hatarini kwa hiyo lazima aivute mpaka alfajiri. Simwambii mtu aige gereza. Nasema jiulize bibi yako anasimulia usiku huu kwa nini. Wetu anamchelewesha mjukuu asiende baharini peke yake kesho, na mjukuu huyo ndo anayeuliza lile swali.

Kwenye sauti msifanye haraka, nawaomba. Bibi awe na maiki yake ya kifuani na watoto wawe na yao ya juu kwenye fimbo, maana wakijibu juu ya sentensi yake kwenye maiki moja mhariri hana pa kukata. Ukimaliza kupiga picha wabakishe watoto hapohapo, zima kamera, warekodi "Pakawa" ya kelele, ya uchovu, ya mwenye usingizi, na "ehee" za kila aina, mmojammoja na kwa pamoja. Anza na watoto mapema jioni, wakisinzia hawarudi. Na karabai ya kweli usiwashe wakati wa kurekodi, mvumo wake unabadilika presha ikishuka na ukikata klipu mbili utasikia ukiruka. Sisi tulitia balbu ndani ya kioo, mvumo tukarekodi peke yake tukauweka chini ya sini nzima.

"Ehee" pia zina kazi, sio za kujazia. Usiweke kila sentensi. Mhariri wangu alizoea kukata kwenda ndani ya hadithi bibi anapomaliza neno, nikamwambia hapana, kata kwenye "ehee" ya mtoto, maana hapo ndo yule anayesikiliza ameshaanza kuona picha kichwani. Na wimbo wa ngoma tuliuanzisha kwa bibi, watoto wakapokea kiitikio, na katikati ya kiitikio tukahamia kijijini bila kukata sauti, mpaka sauti za watoto zikawa sauti za wanakijiji.

Kama utachanganya sauti kwa ajili ya ukumbi wenye spika za nyuma, peleka itikio huko nyuma na bibi abaki mbele. Mtu akisikia "Pakawa" imetoka mgongoni anadhani ni jirani yake kajibu, na yeye anajibu. Tanga tulikuwa na spika mbili tu, kwa hiyo watoto tuliwatawanya kushoto na kulia na bibi tukamwacha katikati, na bado ilitosha.

Dada wa Mombasa, nitumie kurasa zako za katikati, za mwanzo usijisumbue nazo.