Mwanachama asiyeona anaandika "Habari" tu. Tumjibuje?

Swali: Habari za kazi, kaka. Nipo dawati la wanachama kwenye chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Tuna mzee mmoja asiyeona, simu yake inamsomea kwa sauti. Kila mwisho wa mwezi anatuandikia WhatsApp neno moja, "Habari". Tunamrudishia ujumbe wetu wa kukaribisha, halafu anapotea, baadaye anapiga simu amechoka. Juzi kaniambia, "Mwanangu, ule ujumbe wenu hauishi." Nimeuweka hapa chini. Tuuandikeje?

```
👋🏾👋🏾 *HABARI MPENDWA MWANACHAMA!!!* 🎉
━━━━━━━━━━━━━━━
Karibu sana 🙏🏾😊
1️⃣ Akiba
2️⃣ Mikopo
3️⃣ Hisa
━━━━━━━━━━━━━━━
📞 Piga simu saa za kazi 👇🏾👇🏾
```

Jibu: Nzuri, dada, pole na kazi. Nimejitumia ujumbe wenu kwenye simu yangu, nikawasha TalkBack, ambacho ndicho kisoma skrini cha simu za Android, nikafumba macho na kusikiliza. Mzee amesema kweli.

Hesabu nami. Maneno yaliyoandikwa humo ni 13. Emoji ni 11. Kwa jicho, emoji ni rangi inayopita. Kwa sikio, kila moja ni maneno. Shirika la Unicode, linalopanga herufi na alama zinazotumika kwenye kompyuta na simu zote, limeipa kila emoji jina lake, na kisoma skrini kikiikuta kinataja jina. Ule mkono wa kwanza husomwa kama "mkono unaopunga". Na kwa kuwa mmeuchagulia rangi, inaongezwa "rangi ya ngozi iliyokoza kiasi". Halafu mkono wa pili, maneno yale yale tena. Emoji zenu tano zina rangi ya ngozi, kwa hiyo maelezo hayo ya ngozi anayasikia mara tano kwenye ujumbe ambao haukuhusu ngozi ya mtu. Zile namba zilizo ndani ya vijisanduku nazo si namba tupu: moja imeundwa kwa tarakimu ya kawaida ikifuatwa na alama mbili nyingine, na sauti hutaja kijisanduku pamoja na namba.

Mistari miwili ya kutenganisha ni vipande 15 kila mmoja. Hapa visoma skrini havifanani. Kimoja kitairuka, kingine kitataja alama moja moja, kingine kitahesabu na kusema zipo ngapi. Huwezi kujua mzee wako anasikia nini, na ndiyo sababu ya kutosha kuiondoa. Vile vinyota vya kukoleza herufi, WhatsApp inavificha. Lakini mkituma maneno hayo hayo kwa meseji ya kawaida, vinyota vinabaki na vinaweza kusomwa.

Nilikaa siku moja ndani ya daladala jirani na mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara asiyeona, simu ameibana sikioni na sauti ameipunguza ili abiria wasisikie mambo yake. Ukaingia ujumbe wa namna hii. Sauti ya simu yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo majina ya emoji yalimjia kwa Kiingereza na maneno ya Kiswahili yakatamkwa kizungu. Alipofika kwenye mkono wa pili unaopunga, akatelezesha kidole kwenda ujumbe mwingine. Jambo aliloandikiwa lilikuwa mbele bado. Nikamuuliza mbona hakumaliza. Akasema, "Nikiisimamisha na kuirudia, inaanza mwanzo."

Hilo la kuanza mwanzo ndilo watu wanaoona hawalijui. Kwenye WhatsApp, kisoma skrini huushika ujumbe mzima kama kitu kimoja. Anaweza kukinyamazisha kwa kugusa skrini kwa vidole viwili, lakini akiurudia ujumbe, kwa kawaida unasomwa kuanzia neno la kwanza. Ipo njia ya kusoma mstari kwa mstari au neno kwa neno, ila inataka hatua za ziada, na wazee wengi niliowafundisha hawaitumii kila siku. Kwa hiyo kilicho mwishoni mwa ujumbe wenu, yaani kupiga simu, ndicho kinachomgharimu zaidi kukifikia. Na akikifikia anakuta mikono miwili inayoonyesha chini, ambako hakuna kitu.

Sasa tuangalie alichokiandika yeye. "Habari" kwetu si swali la huduma, ni kubisha hodi. Anataka kujua kama kuna mtu kabla hajaanza kuandika au kuongea maneno marefu, na kwake kuandika ni kazi. Salamu ina jibu lake, na mtu anayesikiliza analingoja kwenye neno la kwanza. Akisikia "Salama" au "Nzuri", tayari amejua ujumbe wake umefika na umesomwa na mtu. Akisikia "Habari mpendwa mwanachama", amesalimiwa upya badala ya kujibiwa, kama mtu aliyegonga mlango akagongewa kwa ndani. Ndiyo maana mimi ningeandika hivi, basi:

```
Salama, karibu. Mimi ni Rehema wa dawati la wanachama. Nikusaidie nini leo?
```

(Hilo la Rehema ni mfano, weka jina lako.) Maneno 12, karibu sawa na yale yenu 13, lakini hakuna kingine kinachosomwa. Jibu la salamu limetangulia. Jina linamwambia anaongea na nani, kwa kuwa picha ya akaunti yenu haimsaidii. Swali liko mwisho, kwa hiyo sauti ikinyamaza linakuwa bado sikioni mwake na anaanza kujibu. Nukta na mkato navyo vina kazi: sauti ya simu hupumua kwenye alama hizo. Kwenye ujumbe wenu "Akiba", "Mikopo" na "Hisa" havina nukta, na kwa baadhi ya sauti vinamiminika pamoja kama jina la mtu mmoja.

Kwa kuwa unamfahamu kuwa ni mzee, na amekuita mwanangu, mimi ningeanza hivi: "Shikamoo mzee. Karibu, mimi ni Rehema. Nikusaidie nini leo?" Mkubwa akisema habari, mdogo kumwamkia ni jibu kamili. Kwa mtu usiyemjua umri, "Salama" haina hatari. Na akitokea kijana akakuandikia "Shikamoo", mjibu "Marahaba, karibu". Usiipite hivi hivi kwa sababu eti ni ofisi.

Orodha ya huduma usiitaje kabla hajauliza. Mwanachama wa miaka anajua mna akiba na mikopo. Anachotaka ni salio lake. Akiuliza mnatoa nini, mwandikie kwa sentensi: "Tunashughulikia akiba, mikopo na hisa. Unahitaji ipi?" Kama mfumo wenu unalazimisha achague namba, andika tarakimu ya kawaida, nukta, neno, na nukta tena mwishoni, kila huduma mstari wake.

Kuna jambo moja nahisi ndilo lililowaponza. Ujumbe huo pengine hauutumi wewe, unatumwa na WhatsApp Business yenyewe, kwenye ile sehemu ya ujumbe wa salamu. Huo hujituma mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, au anapoandika baada ya siku 14 za kimya. Mzee anaandika kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila akija anahesabiwa mgeni na kusomewa yote tangu mwanzo, na huku wewe unaandika lako, ambalo likiingia linaweza kuikatiza sauti katikati. Nenda kwenye mipangilio ya biashara uuzime. Kama mkuu wako hataki uzimwe, basi usiseme "Nzuri" wala "Salama", maana mashine haijui kama aliyeandika amesema habari, mambo au shikamoo, na "Nzuri" kwa shikamoo ni aibu. Uandikwe tu: "Karibu. Ujumbe wako umefika, tunakujibu hivi punde." Jibu la salamu yenyewe alitoe mtu. Hilo fupi lako la kuanzia unaweza kulihifadhi kwenye majibu ya haraka, ukaliita kwa alama ya mkwaju na neno moja, ili usiliandike upya kila siku.

Litume likiwa moja. Wapo wanaoandika "Salama", wanatuma; "karibu", wanatuma; "nikusaidie nini", wanatuma. Kwa asiyeona kila kipande ni mtelezo mwingine wa kidole, na kila kimoja kinasomwa pamoja na saa kilipotumwa. Epuka pia maandishi ya vijana, "karibu xana", "cjambo", "cku njema". Wewe unayaelewa kwa macho. Sauti inajikwaa kwenye x na c na kutoa kitu ambacho si neno. Na zile herufi za mapambo zinazonakiliwa mtandaoni, zinazofanana na herufi nene au za mwandiko, kwa kompyuta si herufi zetu bali ni alama za hesabu. Kuna visoma skrini vinavyozitaja moja moja kwa majina marefu, na vingine vinanyamaza kabisa, kana kwamba hukuandika kitu.

Sisemi wasioona hawapendi emoji. Wanafunzi wangu wanatumiana vicheko kila siku. Mzee akikutumia kicheko mwishoni mwa mazungumzo, mrudishie kimoja, kiwe mwisho wa sentensi. Kwenye jibu la "Habari" tupu, usiweke hata kimoja. Wala usiogope kumwandikia "umeona ujumbe wangu?" kwa kudhani utamuumiza; wao wenyewe husema "nimeuona". Kinachoudhi ni kutaja upofu wake ambao hakuutaja, au kumwelekeza kwa macho: "bonyeza ile ya kijani". Na kama yeye ameandika, nawe andika. Sauti ya kurekodi mtumie akianza yeye kutuma ya kwake, maana hujui yuko wapi na nani anasikia salio lake.

Kabla hujabadilisha, jaribu mwenyewe. Washa TalkBack kwenye sehemu ya ufikivu ya mipangilio, lakini kwanza mwombe mwenzako aliyewahi kuitumia akae karibu, kwa sababu simu itabadilika mkononi: kugusa mara moja kunasoma, kufungua ni kugusa mara mbili, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Mwenzako akutumie ujumbe wa zamani, halafu huu mpya. Fumba macho, uguse kila mmoja. Kwa ule wa zamani, angalia ni wapi unaanza kutamani unyamaze. Mimi nilitamani kabla ya neno "Karibu".

Mzee akikaa kimya baada ya swali lako, mpe muda. Inawezekana anaandika kwa kuitafuta herufi moja moja, au yuko kwenye foleni. Usimtumie alama za kuuliza tatu. Huo nao ni ujumbe utakaokatiza anachofanya. Nusu saa ikipita, ujumbe mmoja unatosha: "Bado nipo, mzee. Ukiwa tayari niandikie."