Kompyuta Ikifa, Usikimbilie Kufungua Gemu

Watu wanaoniletea kompyuta zilizokufa huuliza kitu kilekile: "Sevu zangu zitarudi?" Wengi hudhani sevu zilikufa siku diski ilipokufa. Kwa niliyoyaona, sevu nyingi huwa bado ziko salama siku hiyo. Zinapotea baadaye, kwenye kompyuta mpya, pale mwenyewe anapofungua gemu kwa pupa ili aone kama kila kitu kimerudi.

Chanzo ni jinsi tunavyolielewa wingu, yaani hifadhi ya sevu mtandaoni. Tunaliona kama ghala: unaweka kitu, unafunga mlango, kinakusubiri. Kumbe kazi yake hasa ni kusawazisha. Ukianza gemu, programu kama Steam hulinganisha faili za kwenye kompyuta na zile za kwenye wingu, kisha huteremsha zilizo mpya zaidi. Ukifunga gemu, hupandisha zilizobadilika. Faili mpya inakaa juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani imekwenda. Wingu halijui kwamba faili mpya ni mbovu au ni tupu. Linajua tarehe tu.

Kisa cha binamu yangu kinaonyesha vizuri. Alikuwa na gemu ndefu ya safari na mapigano, yenye nafasi moja tu ya sevu. Diski ya laptopu yake ilikufa tarehe 6, katikati ya mchezo. Tarehe 20 akapata laptopu nyingine, akaingia kwenye akaunti yake ya Steam, akapakua gemu, halafu intaneti ikakatika. Alipobonyeza kucheza, Steam ikamwonya kwamba haikuweza kusawazisha sevu. Akaendelea hivyohivyo, maana alitaka tu kuona kama picha zinakwenda vizuri. Gemu haikukuta sevu yoyote, ikaanza mwanzo kabisa, na baada ya dakika chache ikajisevu yenyewe, kama zinavyofanya gemu nyingi siku hizi.

Jioni intaneti iliporudi, kikatokea kidirisha kinachomwambia achague: faili za kwenye kompyuta hii, za tarehe 20, au za kwenye wingu, za tarehe 5. Bahati nzuri alinipigia kabla hajabonyeza. "Kaka, si nachagua ile ya leo? Ndiyo mpya."

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Kwa kawaida iliyo mpya ndiyo unayoitaka, kwa hiyo mkono unakwenda huko wenyewe. Ila baada ya kompyuta kuharibika, hesabu inageuka: maendeleo yako ya kweli hayawezi kuwa na tarehe ya baada ya siku mashine ilipokufa. Faili yoyote ya baada ya tarehe 6 imezaliwa kwenye kompyuta mpya, na ndani yake hamna kitu zaidi ya dakika zile chache za majaribio.

Nikamwambia afunge kidirisha bila kuchagua chochote, kisha afungue kivinjari na kwenda kwenye ukurasa huu akiwa ndani ya akaunti yake:

```
https://store.steampowered.com/account/remotestorage
```

Ukurasa huo unaorodhesha gemu zako zenye faili kwenye wingu. Ukifungua gemu moja, unaona kila faili, ukubwa wake, tarehe iliyoandikwa, na kitufe cha kuipakua. Sevu yake ya wingu ilikuwa karibu MB 4. Ile iliyozaliwa tarehe 20 haikufika hata KB 300. Si kila gemu hukuza sevu yake hivyo. Nyingine zina ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho. Lakini tofauti ikiwa kubwa namna hii, huhitaji ushahidi mwingine. Akaipakua ile ya wingu na kuiweka pembeni kwanza, ndipo akarudi kwenye kidirisha na kuchagua wingu.

Aliyapata yote isipokuwa mchezo wa tarehe 6 yenyewe. Hilo nalo lina sababu. Faili hupandishwa gemu inapofungwa, na siku hiyo gemu haikufungwa. Mashine ilizimika ikiwa wazi. Saa alizocheza siku hiyo zilibaki kwenye diski peke yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukimaliza kucheza, usifunike laptopu hapohapo. Rudi Steam, tazama ukurasa wa gemu hiyo, na usubiri alama ya wingu ionyeshe kwamba imemaliza. Kwa sevu ndogo ni sekunde chache tu.

Kwenye kompyuta mpya, basi, intaneti itangulie, kisha akaunti, kisha gemu. Ukiambiwa kusawazisha kumeshindikana, acha. Usianze "New Game" ili kupima kioo au kadi ya picha. Kama unataka kupima, tumia gemu ambayo sevu yake huijali.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa sababu halina kidirisha cha kukuuliza. Ni sevu iliyoharibika ambayo wingu linaipokea kama nzima. Nitaeleza kwa Stardew Valley kwa kuwa faili zake zinasomeka hata kwa macho. Gemu hii huandika sevu mhusika wako anapolala. Umeme ukikatika mchana wa ndani ya gemu, unapoteza siku hiyo moja tu. Ukikatika wakati faili inaandikwa, faili yenyewe inaweza kubaki nusu au tupu. Dalili zake: shamba halionekani kwenye orodha ya kuendelea, au linaonekana na gemu inaanguka ukilifungua.

Faili ziko hapa. Ubandike kwenye kisanduku cha anwani cha File Explorer:

```
%APPDATA%\StardewValley\Saves
```

Kila shamba lina folda yake yenye jina la mkulima na namba. Ndani yake mna faili yenye jina lilelile la folda, nyingine iitwayo `SaveGameInfo`, na kwa kawaida nakala za siku iliyotangulia zenye `_old` mwishoni. Fungua faili kubwa kwa Notepad. Nzima huanza na `<?xml` na kuendelea na maandishi marefu. Iliyoharibika huwa KB 0, au imejaa nafasi tupu, au imekatika katikati bila kumalizika.

Kabla hujagusa kitu, bofya kulia jina la gemu ndani ya Steam, ingia "Properties", uzime usawazishaji wa wingu kwa gemu hiyo. Kisha nakili folda nzima mahali pengine, hata kama ni mbovu. Sasa toa zile faili mbili mbovu, na zile zenye `_old` uzibadilishe jina kwa kuondoa `_old`. Fungua gemu. Shamba likifunguka, umepoteza siku moja ya ndani ya gemu. Funga, washa wingu tena, na kidirisha cha kuchagua kikitokea, safari hii chagua kompyuta. Jibu ni kinyume cha lile la binamu yangu, ndiyo maana siwapi watu kanuni ya "chagua wingu daima". Swali ni moja: faili ipi nimeifungua kwa macho yangu nikaona ni nzima?

Nakala halisi ya akiba, basi, ni ile ambayo hakuna programu inayoigusa. Mimi natumia flashi na folda zenye tarehe, kwa amri hii ndani ya Command Prompt, ambapo E: ni herufi ya flashi yangu:

```
robocopy "%APPDATA%\StardewValley\Saves" "E:\Sevu\Stardew\2025-03-14" /E
```

Kila mara tarehe mpya, folda mpya, na mbili tatu za zamani zinabaki. Utakuta watu mtandaoni wanapendekeza `/MIR` mwishoni badala ya `/E`. Kwa sevu siipendi: `/MIR` hufuta kwenye flashi kila kilichofutwa kwenye kompyuta, na hapo umejitengenezea wingu jingine lenye kasoro ileile.

Gemu nyingine hazina wingu kabisa. Ukurasa wa gemu kwenye duka la Steam huonyesha "Steam Cloud" kati ya sifa zake, usipoiona, usidhani kwamba wingu lipo. Minecraft ya Java, ambayo haipiti Steam, huweka dunia zako kwenye `%APPDATA%\.minecraft\saves` na haizipeleki popote. Kwa hizo, kama kompyuta haiwaki lakini diski ni nzima, itoe na uichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, kisha ufuate `Users`, jina lako, `AppData`, `Roaming`. Folda ya `AppData` imefichwa, kwa hiyo washa kuonyesha vilivyofichwa. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, ni namba yenye tarakimu 48, na mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta hiyo. Bila hiyo namba, diski nzima kabisa haikusaidii.

Kwenye konsoli mlango huo wa kutoa diski umefungwa tangu mwanzo. Data imefungwa kwa konsoli yenyewe, na ukihamishia diski ya PS4 kwenye PS4 nyingine, itataka kuifuta kwanza. Kwa hiyo kilichofanyika kabla ya kuharibika ndicho pekee kinachohesabika.

Xbox ndiyo isiyosumbua sana: sevu hupanda wingu bila malipo ya uanachama. PS4 inahitaji PlayStation Plus kwa wingu, lakini inakuruhusu kunakili sevu kwenye flashi. PS5 nayo inahitaji PlayStation Plus, na sevu za gemu za PS5 zenyewe huwezi kuzinakili kwenye flashi mojamoja. Bila uanachama, kilichobaki ni kufanya "Back Up and Restore" ya konsoli nzima kwenye diski ya USB. Inachukua muda, na wengi hawaifanyi mpaka konsoli imeanza kujizima yenyewe.

Switch ina mtego wake. Watu huona kadi ya microSD imejaa gemu na kuamini sevu zimo humo. Hazimo. Kadi hubeba gemu, picha na video. Sevu zinakaa kwenye kumbukumbu ya ndani, na kadi ukiihamishia Switch nyingine utaanza upya. Wingu lake linahitaji Nintendo Switch Online, na baadhi ya gemu haziingii kabisa, Splatoon 2 na Pokémon Sword zikiwemo. Animal Crossing: New Horizons ina utaratibu wake tofauti wa kuhifadhi kisiwa, ambao lazima uuwashe mwenyewe ndani ya gemu. Uanachama ukiisha, sevu za wingu unaweza kuzirudia ukijiunga tena ndani ya siku 180. Kama Switch yako iko kwa fundi na malipo yako yanakaribia kuisha, hesabu siku hizo tangu malipo yatakapokoma, usihesabu tangu konsoli itakaporudi.