Barua kwa mwanangu kuhusu yule mnunuzi

"Mama, mnunuzi ameshakagua nyumba, sasa anataka nimpunguzie bei. Nimwandikie nini asikimbie?"

Mwanangu mpendwa,

Asikimbie, hilo siwezi kukuahidi. Mimi ningetaka kwanza kujua anachodai kimetoka ukurasa gani wa ripoti. Akikutajia jumla bila mchanganuo, unajibu nini?

Ile nyumba ya bibi yako, mnunuzi alileta orodha ndefu: rangi iliyobanduka sebuleni, kitasa kilicholegea, mlango wa jikoni unaokwama. Mwishoni kabisa, kama jambo dogo, doa la maji kwenye dari ya chumba cha nyuma. Baba yako mdogo akasema, "Mwambie achukue au aache." Hadi leo ananiambia niliuza kwa huruma. Huruma gani! Rangi na mlango mnunuzi aliviona siku ya kwanza, akataja bei akiwa ameviona. Doa ndilo lilikuwa jipya, kwake na kwangu pia.

Nikampandisha fundi juu. Mabati yalikuwa mazima. Maji yalipenya pale paa linapokutana na ukuta, kipande cha bati cha kuzibia kilikuwa kimeachia. Akaniandikia makadirio ya vifaa na ufundi, yakawa robo tu ya punguzo lililoombwa. Nilifurahi mno, sikufichi. Nikaandika:

"Nimeisoma ripoti. Rangi, kitasa na mlango vilionekana ulipotoa bei yako, hivyo sitapunguza kwa ajili yake. Kuhusu paa, naambatanisha makadirio ya fundi, na nitapunguza bei kwa kiasi hicho chote. Masharti mengine yanabaki tulivyokubaliana, na ukikubali, madai ya ukaguzi yamefungwa. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa jioni."

Sikusema nitatengeneza mwenyewe, kwa sababu angerudi kuikagua kazi ya fundi wangu na mvutano ungeanza upya. Lakini ngoja: kama ananunua kwa mkopo, na mkopeshaji anataka paa liwe limetengenezwa kabla ya kutoa fedha, punguzo halimsaidii. Hapo kutengeneza ndiko bora. Muulize.

Jambo jipya lipunguziwe, la zamani lisipunguziwe. Nimekwambia hata ulipouza gari. Ila usijifanye hulioni hilo jipya. Huyu akijitoa, wewe tayari unajua, na sehemu nyingi sheria inakutaka umwambie anayefuata. Hata usipomwambia, mkaguzi wake ataliona. Na kabla hujatuma, wakili aangalie mkataba unampa mnunuzi haki gani ya kujitoa, maana ukimpa masharti mapya, naye anaweza kuyakataa.

Kwako hukuniambia kimeonekana nini. Kama ni nyufa za msingi, mhandisi aje kwanza, usitaje kiasi chochote. Uuze au usiuze, nyumba ni yako, nanyamaza. Ingawa ningekuwa mimi, na kilichoonekana ni paa tu, ujumbe ungeondoka leo hii. Nitumie ripoti.

Mama yako