Tangazo linapomjua mtu kupita kiasi: maswali yenu wiki hii

Nauza vitabu vya marudio Nakuru. Wanaovitumia ni wanafunzi wenyewe, kwa nini nisiwalenge wao moja kwa moja?

Kwa sababu Kenya imekataza. Kanuni ya 13 ya Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021 inazuia kuchambua tabia za mtoto kwa ajili ya kumtumia matangazo ya moja kwa moja, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa kidato cha tatu yumo humo, hata kama anamiliki simu yake mwenyewe.

Facebook nayo imebana upande wake. Tangu Februari 2023, walio chini ya miaka 18 unaweza kuwalenga kwa umri na mahali tu. Ukitafuta "anayependa hesabu" kwa mtoto wa miaka 15, humpati.

Lakini anayelipia kitabu ni mzazi. Weka umri kuanzia 28, taja Nakuru, kisha picha ya kitabu na bei vifanye kazi iliyobaki. Ukipata nafasi, dhamini kipindi cha redio cha jioni kinachozungumzia masomo. Redio haimjui anayeisikiliza, kwa hiyo hakuna data ya mtoto iliyoguswa.

Nina duka la dawa Mombasa. Nina namba 400 za wateja wa kisukari na nataka kuzipandisha Facebook niwatangazie mashine ya kupima sukari. Faili ina majina na namba tu, hakuna ugonjwa ulioandikwa. Kuna ubaya?

Upo, dada yangu, na tafadhali usilipandishe faili hilo.

Liangalie jinsi lilivyopatikana. Ulifungua kumbukumbu za mauzo, ukawachagua walionunua metformin na insulini, ukafuta safu ya dawa, ukabakiza majina na namba. Ugonjwa haukufutika kwa kufuta safu, kwa kuwa ndio uliomwingiza kila mtu kwenye orodha. Pengine hata faili umeliita `kisukari_machi.xlsx`.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Kanuni ya 15 inaruhusu kutumia data kwa matangazo ya moja kwa moja ikiwa mteja alikupa mwenyewe, alielezwa, aliridhia na ana njia rahisi ya kujitoa. Ila ruhusa hiyo inahusu data isiyo nyeti. Kwa hiyo hata ukiweka kisanduku cha kutia tiki pale kaunta, usikitegemee kwa orodha hii.

Utaambiwa kwamba namba hugeuzwa kuwa msimbo kabla hazijatumwa. Ni kweli, lakini msimbo huo kazi yake ni kulinganishwa na akaunti, na ukilingana mtu amepatikana. Ukiomba tena mtandao ukutafutie "watu wanaofanana na hawa", ugonjwa wa wateja wako unakuwa kipimo cha kuwachagua watu ambao hawajawahi kukanyaga dukani kwako.

Ulaya wamefika mbali zaidi. Tarehe 4 Oktoba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba oda ya dawa za duka la dawa mtandaoni ni data ya afya, hata dawa isiyohitaji cheti cha daktari. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, ila hoja yake ni ileile ya faili lako.

Tangaza mashine kwa watu wazima wote wanaoishi karibu na duka, bila orodha. Na mteja akija kuchukua dawa, mwonyeshe mashine hapo kaunta. Fikiria simu yake iko mezani, shemeji ameishika, na tangazo la sukari linatokea. Nani alimwambia shemeji?

Shule yetu inataka picha za watoto kwenye tangazo la usajili. Wazazi hawajawahi kulalamika.

Kutolalamika si ridhaa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Pigeni picha ya darasa tupu, au ya mwalimu aliyekubali.

Niko Mwanza. Haya ya Kenya yananihusu nini?

Una sheria yako ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kazi 1 Mei 2023, na hapo pana tofauti ya kuijua: Tanzania taarifa za watoto zenyewe zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na miamala ya fedha ya mtu. Kuchakata taarifa nyeti kunahitaji ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo ukiwa wakala wa fedha na unataka kuwachagua wateja "wanaotoa pesa nyingi" uwatumie matangazo, umeshaingia eneo lile lile la dada wa Mombasa.